Tiketi ifungwe lini: msimbo ukiunganishwa, ikionekana laivu, au aliyeomba akikubali?

Timu nyingi za programu hapa Nairobi zina ubao wa kazi ambao safu yake ya mwisho imeandikwa `Done` au `Closed`. Waulize watu watatu wa timu moja tiketi inafika safu hiyo lini, utapata majibu matatu. Aliyeandika msimbo atasema ni pale kazi yake ilipopitiwa na kuunganishwa kwenye tawi kuu. Mpimaji atasema ni pale alipoiona ikifanya kazi laivu. Anayeshughulika na wateja atasema ni pale mteja aliposema sawa. Kila mmoja ana hoja, lakini ubaoni hali ni moja tu, na anayeisoma hana namna ya kujua imebeba jibu la nani.

Nitayalinganisha majibu hayo, nitakayoyaita milango ya kufungia tiketi, kwa kufuata tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiyazungumza kwa jumla yanafanana, na tofauti inajitokeza pale pesa ya mzazi inapoingia mahali isipotakiwa.

## Tiketi namba 214

Chukua timu ndogo inayotengeneza mfumo wa karo kwa shule za binafsi. Mzazi analipa kwa M-Pesa kupitia Paybill ya shule, na kwenye sehemu ya namba ya akaunti anaandika namba ya usajili ya mtoto. Wengi wanaandika sawasawa. Wengine wanaweka herufi O badala ya sifuri, wengine wanaandika jina la mtoto, wengine namba ya mtoto aliyemaliza shule mwaka juzi. Pesa inaingia kwenye akaunti ya shule bila mwenyewe kujulikana, na mhasibu wa karo anashinda na simu akiwauliza wazazi nani alilipa nini.

Ndiyo maana ikaandikwa tiketi 214: malipo yenye namba ya usajili isiyokuwepo yakataliwe kabla pesa haijatoka kwa mzazi. Daraja, jukwaa la Safaricom la watengenezaji programu, lina njia ya kufanya hivyo. M-Pesa inauliza seva yako kwanza kama malipo yakubaliwe, na seva inajibu. Jibu la kukataa kwa sababu ya namba ya akaunti ni hili:

```json
{
  "ResultCode": "C2B00012",
  "ResultDesc": "Rejected"
}
```

Msimbo wa kutoa jibu hilo si mgumu. Mtu mmoja anauandika, anaweka majaribio yanayotuma namba sahihi na namba mbovu moja kwa moja kwenye seva, yote yanapita, mwenzake anaupitia na kuukubali. Sasa tiketi iko tayari kufungwa, au haiko?

## Kufunga msimbo unapounganishwa

Hili ndilo chaguo rahisi kuliko yote, na mara nyingi timu hailichagui, inajikuta imo ndani yake. GitHub ikisoma `Fixes #214` kwenye ombi la kuunganisha, inaifunga tiketi yenyewe mara tu ombi hilo linapoingia kwenye tawi kuu. Hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba kuunganisha ndiyo kukamilika. Neno moja lililoandikwa kwa mazoea limeamua kwa niaba ya timu nzima.

Faida yake ni ya kweli. Hakuna kusubiri, ubao unaenda na kasi ya kazi, na aliyeandika anajua akimaliza amemaliza. Kwa kazi ambazo zinaishia ndani ya msimbo, kama kupanga upya faili, kuongeza majaribio au kurekebisha maelezo ya matumizi, sioni haja ya mlango mwingine. Hitilafu ikibaki, atakayeigusa kwanza ni mwenzako wa dawati la pili, na atakwambia kabla ya chai ya saa nne.

Kwa tiketi 214 mambo ni tofauti. Tuseme imefungwa Jumanne kwa njia hiyo na msimbo ukapelekwa laivu Alhamisi. Wiki ya kufungua shule inafika, na mhasibu anapiga simu akisema malipo yasiyo na mwenyewe yanaingia kama zamani. Aliyeandika anaangalia ubao na kuiona 214 imefungwa. Anaendesha majaribio, yote yanapita. Anasoma msimbo upya, hauna kosa.

Na kweli hauna kosa. Tatizo ni kwamba M-Pesa haiulizi seva yako chochote mpaka mwenye Paybill aombe huduma ya uhakiki iwashwe kwa namba yake. Bila ombi hilo imezimwa, na kusajili anwani ya seva hakuiwashi. M-Pesa inakamilisha malipo kisha inatuma taarifa ya uthibitisho tu. Dalili inasomeka kwenye kumbukumbu za seva kwa dakika moja: njia ya uthibitisho imejaa maombi, njia ya uhakiki haina hata moja.

Hakuna jaribio la msimbo ambalo lingeligundua hilo, kwa kuwa kasoro iko nje ya msimbo. Huo ndio mpaka wa mlango huu. Unathibitisha kwamba kilichoandikwa kinafanya kile mwandishi alichokusudia kwenye mazingira aliyojitengenezea mwenyewe, basi.

## Kufunga ikionekana laivu, na mtu mwingine

Hapa tiketi haifungwi mpaka mtu ambaye hakuandika msimbo aone tokeo lenyewe kwenye mfumo unaotumiwa na watu. Mimi nauegemea mlango huu kwa kila kitu kinachogusa pesa, na nitakaa nao zaidi kwa sababu ndio unaoandikwa vibaya mara nyingi.

Masharti ya kukamilika yanayosema "imepimwa vizuri laivu" hayajasema kitu. Mtu mmoja akipima atafungua ukurasa, aone haujaanguka, afunge tiketi. Mwingine atatuma pesa. Wote wawili wamepima vizuri kwa macho yao. Kipimo changu cha masharti yaliyo wazi ni hiki: wape watu wawili tiketi moja na masharti hayo hayo, kila mmoja peke yake, na majibu yao kuhusu kufunga au kutofunga yalingane. Yasipolingana, tafuta neno lililowatenganisha, na mara nyingi utakuta ni "vizuri", "kikamilifu" au "ipasavyo".

Kwa tiketi za malipo, masharti yaliyo wazi yangesomeka hivi:

> Mtu asiyeandika msimbo ametuma shilingi 10 kwenye Paybill ya laivu kwa namba ya usajili isiyokuwepo. Malipo yamekataliwa na salio lake halijapungua. Ametuma shilingi 10 kwa namba ya mwanafunzi wa majaribio. Malipo yameonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi huyo mara moja tu. Namba ya risiti ya M-Pesa na saa ya ombi lililokataliwa, kama ilivyo kwenye kumbukumbu za seva, zimeandikwa kwenye tiketi.

Angalia yaliyomo. Kuna mahali pa kupimia, kuna mtu wa kupima, kuna kitendo, na kuna ushahidi unaobaki. Ushahidi ndio unaosahaulika kuliko vyote, na ndio unaoifanya hali ya `Closed` isomeke na mtu ambaye hakuwepo. Miezi mitatu baadaye mhasibu akilalamika tena, unafungua tiketi, unakuta namba ya risiti na saa, na unajua kwamba siku ile mfumo ulikataa. Kwa hiyo kuna kilichobadilika baada ya hapo, na utafutaji unaanzia kwenye mabadiliko badala ya kuanzia sifuri.

Tiketi 214 ikipita mlango huu, mpimaji anatuma shilingi 10 kwa namba ya uongo, na pesa inatoka. Anamwandikia mwenzake: "Boss, ile ya karo bado. Nimetuma kumi kwa namba isiyokuwepo na imepita. Risiti nimeiweka kwenye tiketi." Anajibiwa: "Msimbo uko sawa, ngoja niangalie kumbukumbu za uhakiki." Baada ya dakika chache wanajua kwamba njia hiyo haijawahi kuitwa, na wanajua ni shule ndiyo inayopaswa kupeleka ombi Safaricom. Tatizo ni lile lile, ila limegunduliwa kwa shilingi 10 na kabla ya wiki ya kufungua shule.

Mlango huu unaibua pia maswali ambayo msimbo peke yake hauwezi kujibu. Wakati wa kusajili anwani zako Daraja, unachagua `ResponseType` iwe `Completed` au `Cancelled`. Chaguo hilo linaamua nini kitokee M-Pesa ikishindwa kuifikia seva yako kwa uhakiki. Kwa `Completed` malipo yanapita bila kuhakikiwa, kwa `Cancelled` yanakataliwa. Seva ikianguka asubuhi ya kufungua shule, shule inataka lipi? Wazazi wakataliwe wakiwa kwenye foleni ya lango, au pesa iingie na mhasibu apambane nayo baadaye? Huo ni uamuzi wa shule. Ukiandika kwenye masharti kwamba mpimaji ahakikishe thamani iliyosajiliwa ndiyo iliyokubaliwa na shule, swali linaulizwa mapema. Usipoandika, mwandishi wa msimbo ataweka neno lolote alilolikuta kwenye mfano.

Gharama zake nazo zipo. Kupima kwa pesa halisi kunahitaji shule ijue, mwanafunzi wa majaribio atengwe ili asiharibu hesabu za karo, na mtu wa fedha akubali zile shilingi kumi kumi. Tiketi pia inakaa wazi ikisubiri watu wa nje. Siku ambazo shule inashughulikia ombi lake, 214 haiendi popote, na msimamizi anayehesabu tiketi zilizofungwa kwa wiki anaona timu imelala.

Wengi hapa wanakata tiketi vipande viwili: msimbo wa uhakiki upande mmoja, kuwashwa kwa huduma upande mwingine. Ni sawa kabisa, mradi ile 214 ya awali ibaki wazi juu ya vyote viwili na ifungwe kwa kipimo cha shilingi 10. Ukiigeuza kuwa vipande tu, utafika siku ambayo vyote vimefungwa na namba za uongo bado zinapita, na hakuna mtu ambaye tokeo hilo ni lake. Njia nyingine ni kuwa na hali ya kati, `Resolved` kwa mfano, ambayo mwandishi anaiweka mwenyewe akimaliza sehemu yake, kisha mpimaji ndiye anayepeleka `Closed`. Bugzilla imetenganisha mambo hayo tangu zamani, kwa `RESOLVED` na `VERIFIED`. Msimamizi anayetaka kuona kasi ya kuandika ahesabu ile ya kwanza. Anayetaka kumpa mteja jibu asome ya pili.

## Kufunga aliyeomba akikubali

Mlango wa tatu unamwachia mhasibu neno la mwisho. Kuna tiketi ambazo haziwezi kuamuliwa na mtu mwingine yeyote. Akiomba taarifa ya karo inayopanga madeni kwa darasa, ni yeye tu anayejua kama mpangilio huo unamsaidia akiwa mbele ya mzazi. Mpimaji ataona jedwali limetoka na jumla ni sahihi, lakini hatajua kwamba salio la muhula uliopita linatakiwa lionekane peke yake.

Kwa tiketi 214 mlango huu unadanganya kwa namna yake. Mhasibu anajaribu malipo moja, yanaingia sawa, anajibu "asante, iko poa". Hawezi kujua kwamba taarifa moja ya uthibitisho ikiifikia seva mara mbili, mfumo usiokagua `TransID` utamwandikia mwanafunzi malipo mawili. Hapaswi hata kufikiria jambo hilo, ni kazi ya timu. Kwa hiyo kukubali kwake hakuchukui nafasi ya mlango wa pili, kunakuja juu yake.

Shida ya pili ni kimya. Wiki ya kufungua shule mhasibu hasomi ujumbe wa mtu yeyote, na tiketi zinajaa kwenye safu ya kusubiri jibu. Timu nyingine zinaweka muda, tuseme siku 5 za kazi, na baada ya hapo zinafunga. Mimi nakubali muda huo kwa sharti moja: sababu ya kufunga iandikwe kuwa hakujibu, isiandikwe kuwa amekubali. Akirudi baadaye na malalamiko, yule atakayefungua tiketi anahitaji kujua kwamba hakuna aliyewahi kuiona kwa niaba yake.

## Vikiwekwa bega kwa bega

| Ukifunga hapa | Umethibitisha | Bado hujui |
|---|---|---|
| Msimbo umeunganishwa | Msimbo unafanya alichokusudia mwandishi | Kama mipangilio, huduma za nje na data halisi vinaukubali |
| Imeonekana laivu na mtu mwingine | Tokeo linapatikana kwa mtumiaji | Kama ndilo alilolihitaji |
| Aliyeomba amekubali | Anachokiona kinamfaa | Yaliyo chini ya kile anachokiona |

Nikichagua, najiuliza swali moja: tiketi hii ikifungwa kimakosa, nani atakuwa wa kwanza kugundua? Akiwa mwenzangu ofisini, nafunga ikiunganishwa. Akiwa mzazi, mhasibu au mtu yeyote aliye nje, nasubiri ionekane laivu. Na kama hakuna kosa la kugundua ila kuna ladha na mazoea ya mtu fulani, namsubiri huyo baada ya laivu. Timu moja inaweza kutumia milango yote mitatu, mradi aina ya tiketi iwe imeandikwa juu yake na kila aina iwe na masharti yake. Kinachoharibu kazi ni mtu kuchagua mlango siku ya kufunga, Ijumaa jioni, kulingana na anavyotaka kwenda nyumbani.

Masharti haya msiyachanganye na mahitaji ya tiketi yenyewe. Kwamba namba isiyokuwepo ikataliwe ni hitaji la 214 peke yake. Kwamba kila tiketi ya malipo ipimwe laivu na mtu mwingine na risiti iandikwe ni sharti la zote. Mwongozo wa Scrum wa mwaka 2020, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, hauachi nafasi katikati: kazi ambayo haijatimiza masharti ya kukamilika haitolewi wala haionyeshwi kwenye kikao cha mapitio, inarudi kwenye orodha ya kazi zinazosubiri.

## Kuyaweka kwenye chombo chenyewe

Kwenye GitHub, kama mmechagua laivu, acheni `Fixes` na muandike `Refs #214`, ambayo inaunganisha ombi na tiketi bila kuifunga. Kuna pia swichi kwenye mipangilio ya hazina ya msimbo inayozima kujifunga huko. Mimi ningeizima kabisa, kwa sababu mtu mpya atakuja na mazoea ya alikotoka.

Kwenye Jira mtego ni mwingine. Hali na `Resolution` ni vitu viwili, na inategemea mtiririko wenu umepangwaje, tiketi inaweza kufika `Closed` huku `Resolution` ikiwa tupu. Ubaoni inaonekana imekwisha, lakini ripoti zinaihesabu kama kazi iliyobaki. Utazipata kwa utafutaji huu:

```
status = Closed AND resolution = Unresolved
```

Sehemu hiyo ya `Resolution` ndiyo pia mahali pa kutofautisha tiketi zilizofanyika na zile zilizofungwa kwa sababu zinajirudia au hatutazifanya. GitHub nayo inaruhusu kufunga kama `not planned`. Masharti ya kukamilika hayazihusu hizo, na zikichanganywa na zilizokamilika mtajiona mmefanya kazi ambayo hamkuifanya.

Kujua kama mlango mliouchagua unashika, tazameni tiketi zinazotoka `Closed` na kurudi:

```
status CHANGED FROM Closed AFTER startOfMonth()
```

Kabla ya kuisoma orodha hiyo, kubalianeni nini kinafungua tiketi upya na nini ni tiketi mpya, maana bila hivyo orodha haina maana. Kanuni ninayoitumia inatoka kwenye masharti yenyewe: rudia kipimo kilichoifunga. Ukituma shilingi 10 kwa namba isiyokuwepo na zikapita, 214 inafunguliwa upya, hata kama ni miezi mitatu baadaye. Kipimo kikipita na mhasibu bado hajaridhika, kwa mfano anataka mzazi aliyekataliwa atumiwe ujumbe wenye namba sahihi ya mtoto, hiyo ni kazi mpya na inapata namba yake. Tiketi zilizofungwa zamani kabla ya masharti kuandikwa ziacheni zilivyo, isipokuwa za malipo. Hizo zipimwe moja moja kwa shilingi 10, na mzianze wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa ili ombi lolote linalopaswa kwenda Safaricom lipate muda.